Dodoso fupi la wasomaji wa tovuti

Dodoso fupi la wasomaji ni swali moja au maswali machache ambayo tovuti huwauliza baadhi ya watu wanaoitembelea, kwa kawaida ndani ya ukurasa uleule wanaousoma. Hutumika pamoja na takwimu za matumizi, yaani hesabu zinazokusanywa na mitambo kuhusu kurasa zilizofunguliwa, aina ya kifaa, nchi na muda wa ziara. Takwimu hizo huonyesha watu walifanya nini, na dodoso huuliza kwa nini walifanya hivyo.

Ugumu mkubwa wa dodoso la namna hii ni kwamba msomaji yuko huru kujibu au kulipuuza, na wengi hulipuuza. Wachache wanaojibu mara nyingi hawafanani na wengine. Kwa hiyo majibu husahihishwa kwa kumpa kila aliyejibu uzito, ili kundi lililojibu kidogo lihesabiwe kwa ukubwa wake halisi miongoni mwa wasomaji wote. Usahihisho huo unasaidia, lakini una gharama na una mipaka.

## Kinachokosekana katika takwimu za matumizi

Kumbukumbu za seva zinaweza kuonyesha kwamba ukurasa kuhusu malaria ulifunguliwa mara 900 kwa siku moja na kwamba wengi walikaa hapo chini ya dakika moja. Haziwezi kuonyesha kama waliondoka kwa sababu walipata walichotafuta au kwa sababu walikikosa. Mwanafunzi anayeandaa kazi ya shule, mzazi aliye na mtoto mwenye homa na mtu aliyesikia neno redioni huacha alama zinazofanana katika kumbukumbu.

Vilevile kumbukumbu huhesabu vifaa au vivinjari, wala si watu. Simu moja inaweza kutumiwa na watu kadhaa wa nyumba moja, na mtu mmoja anaweza kusoma kwa simu asubuhi na kwa kompyuta ya ofisini mchana.

Kwa upande mwingine kumbukumbu zina sifa moja ambayo dodoso halina, nayo ni kuandika ziara za wanaojibu na za wasiojibu kwa namna moja. Ndiyo maana vyanzo hivi viwili vikiunganishwa, kumbukumbu huweza kutumika kurekebisha dodoso.

## Upendeleo wa wanaochagua kujibu

Mfano unaotajwa zaidi katika historia ya takwimu ni wa gazeti la *Literary Digest* la Marekani. Mwaka 1936 gazeti hilo lilituma kadi za kupigia kura ya maoni kwa watu wapatao milioni 10, ambao wengi wao majina yao yalipatikana katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Kadi zaidi ya milioni 2.2 zilirudishwa. Kutokana nazo gazeti lilitabiri kwamba Alf Landon angemshinda rais Franklin Roosevelt. Katika uchaguzi wenyewe Roosevelt alipata takriban asilimia 61 ya kura, na Landon alishinda katika majimbo mawili tu, Maine na Vermont.

Kwa muda mrefu kosa hilo lilielezwa kuwa lilitokana na orodha zilizotumiwa, kwa kuwa wenye simu na magari wakati ule walikuwa na hali nzuri kuliko wengi. Mwaka 1988 mtafiti Peverill Squire alichunguza data za kura ya maoni nyingine, iliyopigwa mwaka 1937, ambamo watu waliulizwa kama walipokea kadi ya gazeti na kama waliirudisha. Aliona kwamba orodha ilikuwa na kasoro, lakini pia kwamba waliorudisha kadi walimpenda Landon zaidi kuliko walioipokea na kuiacha. Kama wote waliopokea kadi wangeijibu, gazeti lingemtabiri mshindi kwa usahihi.

Hapo makosa mawili yanatenganishwa. La kwanza ni la nani aliyeulizwa, na tovuti inaweza kulipunguza kwa kuchagua ziara kwa bahati nasibu. La pili ni la nani aliyekubali kujibu, na bahati nasibu haiwezi kuliondoa. Kuongeza idadi ya majibu hakuliondoi pia: majibu zaidi ya milioni 2 hayakuliokoa gazeti lile.

## Utafiti wa wasomaji wa Wikipedia

Mfano mzuri wa kuunganisha dodoso na kumbukumbu ni utafiti uliofanywa mwezi Machi 2016 katika Wikipedia ya Kiingereza. Watafiti wa Shirika la Wikimedia pamoja na wenzao wa vyuo vikuu waliweka kisanduku kidogo ndani ya makala na kuwaonyesha sehemu ya wasomaji waliochaguliwa kwa nasibu.

Maswali yalikuwa matatu tu. La kwanza liliuliza sababu iliyomleta msomaji, kwa mfano kazi au masomo, jambo lililotajwa katika mazungumzo, habari za siku zile au kupitisha muda. La pili liliuliza kama anatafuta jibu la haraka, maelezo ya jumla au uelewa wa kina. La tatu liliuliza kama alikuwa akiifahamu mada hiyo tangu zamani.

Kila jibu liliunganishwa na kumbukumbu za ziara yake, kama vile nchi, aina ya kifaa, saa, mahali msomaji alipotokea na idadi ya makala alizofungua. Kisha watafiti walichukua sampuli nyingine ya nasibu ya wasomaji wa kawaida kutoka katika kumbukumbu. Kwa kulinganisha makundi hayo mawili walikadiria uwezekano wa msomaji wa aina fulani kujibu, na kila jibu likapewa uzito kulingana na uwezekano huo.

Mwezi Juni 2017 dodoso hilo lilirudiwa katika lugha 14, zikiwemo Kiarabu, Kibengali, Kihindi, Kihispania na Kijapani. Kiswahili hakikuwemo. Majibu yalizidi 200,000. Moja ya matokeo ni kwamba katika nchi zenye kiwango cha chini cha maendeleo ya binadamu, kusoma kwa kina na kusoma kwa ajili ya kazi au masomo kulikuwa kwa kawaida zaidi. Kumbukumbu za seva peke yake zisingeweza kulionyesha jambo hilo.

## Mfano wa hesabu

Hesabu ifuatayo inatumia tarakimu za kubuni. Tovuti ya elimu inataka kujua kama iandike zaidi makala ndefu za masomo ya shule au iboreshe aya za mwanzo kwa wanaotafuta jibu la haraka. Inawaonyesha wasomaji 10,000 waliochaguliwa kwa nasibu swali moja: "Je, unasoma ukurasa huu kwa ajili ya masomo au kazi?" Wanaojibu ni 400, yaani asilimia 4. Kati yao 196 wanasema ndiyo. Kwa hesabu ya kawaida hiyo ni asilimia 49, karibu nusu ya wasomaji wote.

Tovuti imeweka kumbukumbu ya kila aliyeonyeshwa swali, hata asiyejibu. Hatua hii mara nyingi husahaulika, na bila yake usahihisho hauwezekani. Kumbukumbu zinaonyesha hivi:

| Kundi | Walioonyeshwa | Waliojibu | Waliosema ndiyo |
|---|---|---|---|
| Simu | 8,000 | 160 | 40 |
| Kompyuta | 2,000 | 240 | 156 |

Wenye kompyuta ni moja ya tano tu ya walioonyeshwa swali, lakini ni asilimia 60 ya waliojibu. Tena ndio wanaosoma zaidi kwa masomo au kazi: asilimia 65 kati yao walisema ndiyo, dhidi ya asilimia 25 ya wenye simu. Jumla ya asilimia 49 imevutwa juu na wingi wao.

Uzito wa kila jibu hupatikana kwa kugawanya idadi ya walioonyeshwa kwa idadi ya waliojibu katika kundi hilo:

```
simu:      8000 / 160 = 50
kompyuta:  2000 / 240 = 8.33
```

Maana yake ni kwamba kila mwenye simu aliyejibu anawakilisha wasomaji 50, na kila mwenye kompyuta aliyejibu anawakilisha wasomaji 8 na kidogo. Majibu 40 ya ndiyo kutoka kwenye simu yanawakilisha watu 2,000, na majibu 156 kutoka kwenye kompyuta yanawakilisha watu 1,300. Jumla ni 3,300 kati ya 10,000, yaani asilimia 33.

Kwenye simu peke yake pia kuna tofauti. Baadhi walionyeshwa swali kwenye ukurasa wa kwanza waliofungua siku hiyo. Wengine walikuwa wamekwisha kufungua kurasa kadhaa, na hao hujibu zaidi:

| Kundi | Walioonyeshwa | Waliojibu | Waliosema ndiyo |
|---|---|---|---|
| Simu, ukurasa wa kwanza | 6,000 | 60 | 9 |
| Simu, kurasa zaidi | 2,000 | 100 | 31 |
| Kompyuta | 2,000 | 240 | 156 |

Uzito sasa ni 100, 20 na 8.33. Waliosema ndiyo wanawakilisha watu 900, 620 na 1,300, jumla 2,820. Makadirio yanashuka hadi asilimia 28. Tovuti iliyokuwa karibu kuamini kwamba nusu ya wasomaji wake wanasoma kwa ajili ya masomo au kazi inaona kwamba huenda ni kama robo tu, na kwamba wengi wa wasomaji wake ni watu wanaofungua ukurasa mmoja kwa simu.

Sifa inayotumiwa kugawa makundi lazima iwe imejulikana kabla ya swali kuonekana. Ndiyo maana hapa zinahesabiwa kurasa zilizofunguliwa kabla ya swali. Muda uliotumika baada yake haufai, kwa kuwa kusoma swali na kulijibu huchukua muda na hubadilisha kile kinachopimwa.

Makundi yakiwa mengi, baadhi hubaki na majibu machache mno. Hapo watafiti hutumia modeli inayokadiria uwezekano wa kila mtu kujibu kutokana na sifa zake zote kwa pamoja, na uzito wake huwa 1 kugawanywa kwa uwezekano huo. Msingi wa hesabu hii ulielezwa na Horvitz na Thompson mwaka 1952 kwa sampuli za kawaida. Mwaka 1983 Rosenbaum na Rubin walieleza matumizi ya uwezekano unaokadiriwa kutokana na sifa za mtu.

## Gharama ya uzito

Uzito hupunguza upendeleo, lakini huongeza kuyumba kwa makadirio. Katika mgawanyo wa mwisho hapo juu, kila jibu kutoka kundi la kwanza lina nguvu ya majibu 12 ya kompyuta. Kama watatu tu kati ya wale 60 wangejibu tofauti, makadirio ya tovuti nzima yangebadilika kwa pointi 3.

Mtaalamu wa takwimu Leslie Kish alitoa kanuni rahisi ya kupima hasara hiyo. Jumla ya uzito wote hupigwa mraba, kisha hugawanywa kwa jumla ya miraba ya kila uzito. Jibu ni idadi ya majibu yasiyo na uzito ambayo yangetoa uhakika uleule.

```
n = (jumla ya w)^2 / jumla ya (w^2)
```

Kwa makundi mawili, majibu 400 yanakuwa na thamani ya majibu 240. Kwa makundi matatu thamani inashuka hadi takriban 152. Kiasi cha kosa linalotokana na bahati, kwa uhakika wa asilimia 95, huongezeka kutoka pointi 5 juu na chini kwa hesabu isiyosahihishwa hadi takriban pointi 7.

Hesabu isiyosahihishwa ingetangaza asilimia 49 na kusema kwamba ukweli uko kati ya 44 na 54, kauli inayoonekana sahihi sana. Hesabu iliyosahihishwa inasema asilimia 28, kati ya 21 na 35. Masafa hayo mawili hayagusani kabisa. Kiasi cha kosa kinachotajwa chini ya jedwali hupima bahati ya sampuli peke yake, wala hakisemi chochote kuhusu waliokataa kujibu.

Ili kuzuia majibu machache yasitawale matokeo, watafiti wengi huunganisha makundi madogo au huweka kikomo cha uzito. Kufanya hivyo hurudisha upendeleo kidogo ili kupata utulivu zaidi, na kwa hiyo kikomo kilichotumika hutajwa katika ripoti.

## Mipaka na namna ya kukagua

Usahihisho wote huu unategemea dhana moja: kwamba ndani ya kila kundi, waliojibu wanafanana na wasiojibu katika jambo linaloulizwa. Dhana hiyo inaweza kuwa si kweli. Miongoni mwa wenye simu waliofungua ukurasa mmoja, aliyetaka tarehe tu huipata na kufunga ukurasa kabla ya kuliona swali. Mwanafunzi aliyetulia kusoma hulifikia. Wote wawili wako katika kundi moja, na uzito hauwezi kuwatenganisha.

Data za *Literary Digest* zinaonyesha jambo hilohilo. Kadi zake ziliuliza pia mtu alimpigia nani kura mwaka 1932. Mwaka 2017 watafiti Sharon Lohr na Michael Brick walizipa kadi uzito kwa kutumia kura hiyo ya awali, na matokeo yakamtaja Roosevelt kuwa mshindi. Hata hivyo uungwaji mkono wa Landon ulibaki juu kuliko ulivyokuwa kweli. Sifa iliyohusiana sana na jibu ilisahihisha sehemu kubwa ya kosa, lakini si lote.

Dhana hii haiwezi kuthibitishwa kwa majibu peke yake, lakini kuna dalili zinazoweza kuonyesha kwamba imevunjika.

Ya kwanza ni kupima jambo ambalo kumbukumbu zinalijua kwa wote na ambalo halikutumiwa kutengeneza uzito. Kwa mfano, ikijulikana kwamba asilimia 30 ya walioonyeshwa swali walikuwa kwenye makala za historia, basi majibu yenye uzito yanapaswa kutoa takriban asilimia 30. Yakitoa 45, uzito haujatosha.

Ya pili ni kuangalia mwendo wa makadirio kila sifa inapoongezwa. Katika mfano wetu yalitoka 49 hadi 33 na kisha 28. Kwa kuwa bado yanashuka, si salama kudhani kwamba sifa nyingine isingeyashusha tena.

Ya tatu ni kuhesabu mipaka ya mwisho kabisa. Kama wote 9,600 wasiojibu wangesema hapana, ukweli ungekuwa asilimia 2, na kama wote wangesema ndiyo, ungekuwa asilimia 98. Masafa hayo ni mapana mno kuweza kutumika katika uamuzi, lakini yanaonyesha ni kiasi gani cha asilimia 28 kinatokana na majibu na ni kiasi gani kinatokana na dhana.

Kuna pia wasomaji ambao hawafikiwi kabisa: wanaozuia programu ndogo za kivinjari, wanaosoma nakala zilizohifadhiwa bila mtandao, na wanaopata maandishi hayo kupitia tovuti nyingine. Hao hawamo hata katika safu ya walioonyeshwa, na uzito hauwagusi.

Aidha, tovuti inayochagua kwa nasibu kurasa zinazofunguliwa badala ya wasomaji humpa mtu anayefungua kurasa 20 nafasi nyingi zaidi ya kuulizwa kuliko anayefungua moja. Matokeo yake ni asilimia ya usomaji, wala si ya wasomaji, na ripoti hubainisha ni ipi kati ya hizo mbili.

## Kuwafuata wasiojibu

Njia nyingine ni kupata majibu ya baadhi ya waliokataa badala ya kuyakisia. Mwaka 1946 Hansen na Hurwitz walipendekeza kwamba baada ya kutuma madodoso kwa posta, sampuli ndogo ya wasiojibu ichaguliwe kwa nasibu na watembelewe na wahoji ana kwa ana. Majibu yao huwakilisha kundi zima la wasiojibu.

Katika tovuti njia hiyo ni ngumu kwa sababu wasomaji wengi hawajulikani, na kuwafuatilia kunagusa faragha yao. Tovuti zenye wanachama waliojisajili huweza kuwauliza tena baadhi yao kwa barua pepe. Nyingine huonyesha matoleo mawili ya dodoso kwa makundi ya nasibu, moja lenye swali moja na jingine lenye maswali matatu. Toleo fupi likipata wanaojibu wengi zaidi na jibu lenye uzito likabaki karibu lilelile, imani katika makadirio huongezeka. Jibu likibadilika, ni dalili kwamba walioongezeka ni watu wa aina tofauti, na kwamba waliobaki kimya huenda ni tofauti zaidi.

## Tazama pia

- Takwimu
- Sampuli nasibu
- Kura ya maoni
- Sensa